Uzi: Kundi moja p = 0.030, lingine p = 0.139, mwanafunzi anasema programu imefaulu. Mnasahihishaje hii?

mkufunzi_kasarani
Wadau habari za jioni. Niko na tasnifu ya masta hapa mezani, ya elimu ya Kiswahili, mimi ndio mtahini wa ndani na ripoti yangu inatakiwa Ijumaa. Sura tatu za kwanza ziko sawa kabisa, huyu mwanafunzi anaandika vizuri, sasa nimefika sura ya nne kuna ukurasa nimeusoma mara tatu na nahisi kuna kitu hakijakaa lakini nikishika kalamu niandike komenti sijui nianzie wapi.

Alichofanya ni hiki. Shule moja hapa Nairobi, Gredi ya 5, mikondo miwili, kila mkondo watoto 40. Mkondo wa kwanza wamesoma ufahamu kwa vikundi muhula mzima, mkondo wa pili wamefundishwa kawaida. Wote wamefanya mtihani wa alama 50 kabla na baada. Mkondo wa vikundi wastani umetoka 21.6 ukafika 24.8, ule mwingine umetoka 24.9 ukafika 27.0. Halafu ameandika hivi, nanukuu neno kwa neno:

"Kundi la majaribio lilionyesha ongezeko muhimu, t(39) = 2.25, p = 0.030. Kundi la ulinganisho halikuonyesha ongezeko muhimu, t(39) = 1.51, p = 0.139. Hivyo nadharia tete ya kutokuwa na tofauti ilikataliwa katika kundi la majaribio na kukubaliwa katika kundi la ulinganisho. Matokeo haya yanathibitisha kuwa usomaji wa vikundi ni bora kuliko ufundishaji wa kawaida."

Hesabu nimerudia, ziko sawa. Supavaiza wake amepitisha. Ni mimi ndio naona vibaya ama kuna shida?

otii_rongai
Mkuu shida ni sampuli. Watoto 80 ni wachache sana, Nairobi iko na watoto wangapi wa Gredi ya 5? Angetumia ile fomula ya kutafuta sampuli kutoka idadi nzima angepata kama 384 hivi. Mimi proposo yangu ilirudishwa mara mbili juu ya hiyo tu. Mwambie aongeze shule.

mkufunzi_kasarani
Asante otii lakini sijauliza hiyo. Hiyo fomula ni ya mtu anayetaka kukadiria asilimia ya watu kwa sarvei, huyu alikuwa anajaribisha mbinu ya kufundisha. Na data ishakusanywa muhula ukaisha, sasa hivi najadili alichoandika kutokana na alichonacho.

kamanda_wa_data
Iko wazi hii. 0.030 iko chini ya 0.05, 0.139 iko juu. Moja imebadilika nyingine haijabadilika, sasa shida iko wapi? Labda neno "yanathibitisha" ndio kali kidogo, aandike "yanaonyesha". Ukitaka kuhakikisha chora ile mipaka ya asilimia 95 ya kila kundi uone kama zinapandana.

bi_hesabu
Mwalimu, hisia yako iko sawa kabisa, usiitupe. Ngoja niieleze polepole kwa sababu hili kosa nimeliona mara nyingi na linapita kwa urahisi kwa vile kila namba ukiiangalia peke yake ni ya kweli.

Angalia sentensi yake ya mwisho inadai nini. Inadai vikundi ni BORA KULIKO kawaida. Hiyo ni habari ya makundi mawili yakiwekwa mizani moja. Sasa rudi juu uangalie majaribio aliyofanya. La kwanza linauliza, je mkondo wa vikundi umepanda kutoka alipoanzia? La pili linauliza, je mkondo wa kawaida umepanda kutoka alipoanzia? Hakuna hata moja limeuliza kama huu umepanda kuliko ule. Ni kama watu wawili wamepimwa urefu, mmoja kwenye mlango wa kwao Kayole na mwingine kwenye mlango wa kwao Kawangware, mmoja amepita alama ya mlango mwingine hajaifikia, halafu mtu anasema huyu ni mrefu kuliko yule. Hawajawahi kusimama pamoja.

Angalia sasa ongezeko lenyewe. Vikundi wamepanda alama 3.2, kawaida wamepanda 2.1. Tofauti yao ni alama 1.1 kwenye mtihani wa 50. Hiyo 1.1 ndio kitu cha kupimwa, na kwa huo ukurasa wote ulionukuu haimo. Je tasnifu inatoa ile SD ya mabadiliko kwa kila kundi? Nipee nikuonyeshe.

mkufunzi_kasarani
Iko kwenye jedwali la Paired Samples Test, vikundi 9.0 na kawaida 8.8.

bi_hesabu
Basi inatosha, hata data ghafi huhitaji. Weka hii kwa R:

```r
d  <- 3.2 - 2.1
se <- sqrt(9.0^2/40 + 8.8^2/40)
t  <- d / se
2 * pt(-abs(t), df = 78)
```

Inakupa t kama 0.55 na p kama 0.58. Na mipaka ya asilimia 95 ya hiyo tofauti inatoka hasi 2.9 hadi chanya 5.1. Yaani hii data inakubaliana na vikundi kuwa bora kwa alama tano, na inakubaliana vilevile na vikundi kuwa vibaya kwa karibu alama tatu. Kutoka hapo huwezi kusema "bora kuliko". Huwezi pia kusema "ni sawa tu". Unasema data haijatosha kutenganisha.

Kamanda, ndio maana hiyo 0.030 na 0.139 zinadanganya macho. Ukitazama zinakaa pande mbili za ukuta, lakini ukirudi kwa alama zenyewe hao watoto wametofautiana kidogo sana. Huo ukuta wa 0.05 ni desturi tu, Fisher aliutumia miaka ya 1920 kwa sababu ulimfaa kimahesabu, watoto hawaujui.

kamanda_wa_data
Sawa nimeona hapo kwa 1.1, hiyo sikuwa nimeifikiria nakubali. Lakini basi mipaka si ingetuambia hivyohivyo? Nimepiga, vikundi ni 0.3 hadi 6.1, kawaida ni hasi 0.7 hadi 4.9. Zinapandana sana, kwa hivyo hakuna tofauti. Jibu ni lile lile bila R.

bi_hesabu
Hapa limetoka jibu lile lile kwa bahati. Zikiachana kabisa, ndio, tofauti ipo. Zikipandana kidogo hiyo njia inakuangusha. Hapa kila mpaka unatembea kama 2.8 kila upande, kwa hivyo ili ziachane kabisa ongezeko la makundi lingehitaji kupishana zaidi ya 5.6 hivi. Lakini jaribio lenyewe la tofauti lingehitaji kama 4.0 tu, kwa sababu standadi era za makundi mawili hujumlishwa zikiwa zimepigwa mraba ndio ukatoa kipeo, hazijumlishwi moja kwa moja. Kwa hivyo mwanafunzi mwenye tofauti ya alama 5 angeambiwa na macho yako "hakuna kitu" na kumbe kitu kipo. Ndio maana nasema apime tofauti yenyewe, asikadirie kwa picha.

mama_zuri
Mimi sio mtu wa takwimu lakini hii uzi imenigusa. Nilifanya masta miaka michache iliyopita nikiwa na mtoto mchanga, uchanganuzi nikafanyiwa na kijana mmoja wa saiba huko taoni, akaniprintia majedwali nikayaandikia mwenyewe usiku. Siku ya utetezi mtahini akaniuliza "hii p yako ya 0.412 umeitoa wapi?" Nikamwonyesha kwa jedwali, imeandikwa Sig., si ndio hiyo? Akaniambia mama hiyo ni Sig. ya Levene. Nilikuwa nimesoma safu ya kwanza yenye neno Sig. kumbe hiyo inaangalia tu kama makundi yametawanyika sawasawa, yangu iko mbele upande wa kulia, Sig. (2-tailed), na ilikuwa 0.008. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kueleza kwa nini HAKUNA tofauti. Kurasa sita. Nilipewa miezi mitatu nirekebishe na hiyo ilikuwa ada ya muhula mwingine.

Kwa hivyo mwalimu nakuomba, kama ni kosa la kurekebishika mwandikie kwa njia ataelewa ni wapi hasa. Usiandike tu "rudia sura ya nne".

mkufunzi_kasarani
Pole sana mama Zuri, na asante. Hiyo nimeichukua kwa uzito. Nimeenda nikaangalia, huyu hana jedwali la Levene kwa sababu hajafanya jaribio la makundi mawili kabisa, ni Paired Samples mbili tu. Nikimwambia alifanye ndio nitamwonya kuhusu hiyo safu.

bi_hesabu
Ndio, na kwenye matoleo mapya ya SPSS hiyo safu imeandikwa Two-Sided p, mwambie asome jina la safu kila mara asifuate mahali ilikuwa kwa jedwali la rafiki yake. Kwake ni hatua mbili. Transform, Compute Variable, atengeneze kigeu kipya ambacho ni alama za baada kutoa za kabla. Halafu Independent-Samples T Test kwa hicho kigeu, mkondo ndio uwe kigeu cha makundi. Dakika kumi.

Na mwalimu usisahau ile sentensi ya katikati, "kukubaliwa katika kundi la ulinganisho". Hilo ni kosa la pili na liko peke yake. p ya 0.139 haijasema mkondo wa kawaida haukupanda. Si kamanda ametupa mipaka, hasi 0.7 hadi 4.9? Hao watoto wanaweza kuwa wamepanda karibu alama tano. Kukosa kuona nyoka kwa tochi yenye betri dhaifu si sawa na kusema hakuna nyoka. Anachoweza kuandika ni kwamba alishindwa kuikataa hiyo nadharia tete, basi.

msomaji_wa_sanifu
Nimehariri tasnifu za Kiswahili kwa muda, naomba niongeze jambo ambalo nyinyi wa namba mnaliruka. Neno "muhimu". Kwa Kiswahili cha kila siku kitu muhimu ni kitu chenye uzito, maji ni muhimu, karo ni muhimu. Mwanafunzi anaanza vizuri kwa "muhimu kitakwimu", ukurasa unaofuata "kitakwimu" imedondoka imebaki "ongezeko muhimu", kufika sura ya tano ni "mbinu muhimu ambayo Wizara inapaswa kuikumbatia". Amevuka mto bila kujua amevuka. Mwalimu nenda sura ya tano utanipa jibu.

mkufunzi_kasarani
Nimeenda. Mapendekezo, namba moja: "Kwa kuwa usomaji wa vikundi umeonekana kuwa na athari muhimu, walimu wote wa Gredi ya 4 hadi 6 wautumie." Umepiga penyewe.

msomaji_wa_sanifu
Ndio hivyo. Mimi huwashauri waandike "tofauti bainifu kitakwimu" na wasiliache hilo neno "kitakwimu" hata mara moja. Bainifu halimvuti msomaji kwenye ukubwa wala thamani, linasema tu kinabainika.

bi_hesabu
Hapo sina hakika kama nakubali dada. "Bainifu" naye msomaji anaweza akadhani tofauti ni kubwa mpaka inaonekana kwa macho. Mimi ningependa aache kivumishi chochote aandike alama: "walipanda kwa wastani wa alama 3.2 kati ya 50, mipaka ya asilimia 95 ikiwa 0.3 hadi 6.1". Msomaji mwalimu akiona 0.3 ataelewa mwenyewe kwamba inaweza kuwa haifiki hata nusu ya alama moja.

msomaji_wa_sanifu
Kwa jedwali sawa, lakini muhtasari wa ukurasa mmoja lazima uwe na neno. Hapo hatutaelewana leo. Tukubaliane tu kwamba "muhimu" likiwa peke yake lisipite.

kamanda_wa_data
Swali la ukweli sasa. Hili kosa linafanywa na wanafunzi tu ama hata wakubwa? Kwa sababu mimi nimesoma makala nyingi zimeandikwa hivi hivi na nikajifunza kutoka kwao.

bi_hesabu
Wakubwa pia kamanda. Gelman na Stern walikuwa wameandika onyo la wazi juu ya hili mwaka 2006. Mwaka 2011 Nieuwenhuis na wenzake wakapitia makala 513 za sayansi ya ubongo kutoka majarida makubwa matano. Palipokuwa na nafasi ya kufanya kosa hili, 78 walifanya sawasawa na 79 wakakosea. Nusu kwa nusu. Kwa hivyo mwalimu usimwandikie huyu mwanafunzi kana kwamba ni mvivu, pengine amefuata makala aliyoambiwa aisome.

otii_rongai
Sasa mimi nauliza kwa heshima, kwa sababu yangu pia ni shule moja mikondo miwili na sasa nimeingiwa na baridi. Nikifanya hilo jaribio la makundi mawili nikapata p chini ya 0.05, ndio niko salama kusema mbinu imefaulu?

bi_hesabu
Otii hilo ni swali zuri kuliko la kwanza. Hapana, hauko salama. Mkondo mmoja una mwalimu wake, mwingine una wake. Mmoja pengine uko darasa la karibu na barabara wamesikia matatu mwaka mzima. Ukipata tofauti, ni mbinu au ni mwalimu? Watoto ni 80 lakini kitu ulichogawa ni mikondo, na mikondo ni miwili, mmoja kila upande. Jaribio la t linachukulia kila mtoto anajitegemea, na watoto wa darasa moja hawajitegemei. Hakuna fomula ya kutibu hilo ukishakusanya. Unachoweza ni kuliandika wazi mahali msomaji ataliona na kupunguza madai yako.

otii_rongai
Kwa hivyo tungeambiwa wakati wa proposo. Niliambiwa tu niongeze namba.

bi_hesabu
Ndio, mngeambiwa wakati wa proposo. Pole. Bado una muda, hujakusanya. Hata shule sita, tatu kwa tatu, watoto wachache kila shule, ni afadhali kuliko watoto 200 wa mikondo miwili.

mkufunzi_kasarani
Nimerudi siku ya tatu. Nilimpigia mwanafunzi badala ya kungoja ripoti, tukakaa kwa laptopu yake saa moja hivi. Amefanya lile jaribio la makundi mawili mbele yangu, p imetoka 0.58 kama bi_hesabu alivyosema. Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kama ameanguka. Nikamwambia hajaanguka, data yake ni ile ile, sentensi ndio inabadilika. Tukaandika pamoja hii:

"Kundi la usomaji wa vikundi lilipanda kwa wastani wa alama 3.2 na kundi la kawaida kwa alama 2.1. Tofauti ya ongezeko ilikuwa alama 1.1 (mipaka ya asilimia 95: -2.9 hadi 5.1), t(78) = 0.55, p = 0.58. Data hii haitoshi kuonyesha kama mbinu moja inazidi nyingine."

Kwenye alama nimekata za uchanganuzi na za hitimisho, za kukusanya data na za uandishi sijagusa. Nimependekeza apite kwa marekebisho, na pendekezo la walimu wote wa Gredi ya 4 hadi 6 liondolewe.

Lakini kuna kitu kipya kimenichanganya. Mkufunzi mwenzangu amesema kutoa kabla kutoka baada si njia nzuri, tutumie ile ya kuweka alama za kabla kama kigeu cha kudhibiti. Tukaiweka kwa R:

```r
lm(baada ~ kabla + kundi, data = alama)
```

Sasa vikundi vimetoka chini kwa alama 0.4, p = 0.82! Njia moja inasema juu kwa 1.1, nyingine inasema chini kwa 0.4. Aripoti gani?

kamanda_wa_data
Aripoti ya lm, hiyo ndio bora siku zote. Nimesoma mahali inapunguza makosa.

bi_hesabu
Ni bora pale ambapo watoto wamegawanywa kwa kura, kamanda. Hapa hawakugawanywa. Vikundi walianza 21.6 na kawaida 24.9, tayari wamepishana alama 3.3 kabla ya chochote. Njia ya kutoa inachukulia bila programu wote wangepanda sawa. Njia ya lm inachukulia wale wa chini wangesogea kuelekea wastani hata bila kusaidiwa, kwa hivyo inawadai zaidi. Lord aliandika juu ya mkanganyiko huu mwaka 1967 na bado watu wanabishana, kwa sababu data yenyewe haiwezi kukuambia dhana ipi ni ya kweli. Inategemea mikondo iligawanywaje. Mwalimu, uliza shule, watoto waliwekwa mikondo kwa alama au kwa orodha ya kujiandikisha?

mkufunzi_kasarani
Hilo sijauliza. Anasema mwalimu mkuu wa wakati ule amehamishwa. Kesho asubuhi tunapiga simu kwa naibu.

mama_zuri
Na p zote mbili ziko juu ya nusu, si aandike zote mbili na aeleze kwa nini zimepishana? Mimi ningeandikiwa hivyo ningeelewa.

bi_hesabu
Ningemwambia afanye hivyo mama Zuri, ila achague moja ya kuongoza kwa kufuata jibu la shule, na aandike wazi kwamba matokeo ya njia zote mbili alikuwa ameshayaona. Akichagua kwa kuangalia p, kuna watakaosema amechagua iliyompendeza.

msomaji_wa_sanifu
Mwalimu ukishapata jibu la naibu rudi utuambie. Na angalia kichwa cha tasnifu, kama bado kinasema "Umuhimu wa Usomaji wa Vikundi", hapo pia pana kazi.

mkufunzi_kasarani
Kinasema hivyo hivyo. Nimekiongeza kwa orodha.